Somo: Maji ya Bunia Yachemka kwa Digrii Ngapi?

Tuseme wanafunzi wa Bunia wachemsha maji safi mara tatu, nao waandika hivi:

| Mara | Joto (°C) |
|---|---|
| 1 | 95,5 |
| 2 | 96,0 |
| 3 | 96,0 |
| Wastani | 95,8 |
| Kitabu | 100 |

Wastani ni jumla, 287,5, kugawanywa kwa 3.

Je, kipimo kimeharibika? Hapana. Hesabu ya kitabu ni ya pwani ya bahari. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1200. Hewa hapa yakandamiza maji kidogo, nayo yachemka mapema, karibu na 96. Hiyo ndiyo hesabu ya kulinganisha.

Basi, ndugu, msiogope: maji yakitokota dakika moja, vijidudu vya kuhara vimekufa.