Bafu la Wageni Linalonuka Choo

Kila Desemba familia nyingi za Dar es Salaam hufunga nyumba na kwenda mikoani kula sikukuu. Wanaporudi Januari na kufungua mlango wa bafu la wageni, harufu ya karo inawapokea. Choo safi, sakafu kavu, hakuna kilichomwagika. Hapo wengi hukimbilia jiki na kupiga deki kwa nguvu zote. Harufu hupoa kidogo, na kufika jioni imerudi, kwa sababu haikuwa ya sakafu. Inapanda kutoka karoni kupitia tundu la sakafuni la kutolea maji.

Chini ya tundu hilo bomba limepinda kama shingo ya bata. Mafundi wanaiita sehemu hiyo trapu. Kila mtu anapooga, maji ya mwisho hubaki kwenye pindo, kwa kawaida yakiwa na kina cha sentimita 5 hivi. Maji machafu mapya yanapita, lakini hewa ya karo ikifika hapo inakwama. Bafu lisipotumika, maji hayo huvukizwa polepole mpaka njia inabaki wazi. Katika joto la kaskazi, dirisha likiwa wazi au feni ya kutolea hewa ikizunguka, wiki chache zinatosha.

Hewa inayoingia ina haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu. Kwa kiasi kidogo huwasha macho na kuumiza kichwa. Pua huizoea, kwa hiyo anayeshinda ndani anaweza kusema harufu imekwisha huku mgeni akiisikia tangu mlangoni. Muulize mtu aliyetoka nje. Njia hiyo hiyo hupandisha mende, na pia mbu wa kuleksi wanaozaliana kwenye makaro. Mbu hao ndio wanaoeneza matende katika pwani yetu, na chandarua cha dirishani hakiwazuii ikiwa wanatokea sakafuni.

Wanaoishi ghorofani wana sababu nyingine ya kulitazama tundu hili. Machi 2003, katika majengo ya makazi ya Amoy Gardens huko Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliugua SARS. Wachunguzi waliona kuwa trapu nyingi za sakafuni zilikuwa zimekauka, kwa kuwa wakazi walizoea kupiga deki badala ya kumwaga maji bafuni. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba feni za bafu zilivuta hewa kutoka kwenye bomba la maji taka la pamoja, na pamoja nayo matone yenye virusi vya mgonjwa aliyekuwa akiharisha.

Anza na maji

Fungua dirisha na zima feni. Usiwashe kiberiti, sigara wala ubani, maana hewa ya karo huwa pia na methani inayoshika moto. Kisha mimina lita 2 za maji safi polepole tunduni na usubiri saa moja. Harufu ikiisha, trapu ilikuwa imekauka tu. Nyumba nyingi zilizofungwa muda mrefu huponea hapa.

Ikipungua bila kuisha, ondoa chujio la juu kwa bisibisi na umulike kwa tochi. Unapaswa kuona maji yakimetameta. Kama maji yapo na bado panatoa uvundo, tatizo ni utando mweusi wa sabuni, ngozi na nywele unaoganda juu ya usawa wa maji.

Vaa glovu. Toa nywele kwa waya uliokunjwa ncha, uzitie kwenye mfuko wa taka wala usizisukume chini. Sugua kuta za tundu na upande wa chini wa chujio kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya unga. Suuza kwa maji ya moto ambayo hayajachemka, kwa sababu maji yanayotokota hulegeza mabomba ya plastiki na viungo vyake. Malizia kwa lita 2 za maji baridi ili trapu ijae upya.

Ukitaka kutumia jiki, iwe mwishoni, kifuniko kimoja ndani ya lita moja ya maji, na suuza kwanza mahali watu wanapokojolea. Jiki ikikutana na mkojo, au na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi inayochoma mapafu. Watu wameanguka bafuni kwa kuchanganya chupa mbili wakidhani wanazidisha nguvu. Kumimina chupa nzima pia kunaua bakteria wanaosaga uchafu karoni.

Kikombe kilichotupwa

Matundu mengi ya bei nafuu hayana bomba lililopinda. Yana kikombe kidogo kilichofunikwa kichwa chini juu ya mdomo wa bomba, ukingo wake ukizama kwenye maji. Kikombe hicho hunasa nywele, maji ya kuoga yanachelewa kushuka, na mtu mwenye haraka hukitoa na kukitupa. Tangu siku hiyo maji yanashuka vizuri sana na karo linapumua bafuni. Ukimulika na kuona bomba tupu linaloshuka moja kwa moja, tafuta kikombe hicho kwanza, huenda kiko kwenye kopo la misumari. Kisafishe na ukirudishe. Kwa kuwa maji yake ni ya kina kifupi, hukauka mapema kuliko ya trapu iliyopinda, hivyo kiongezee maji mara nyingi zaidi.

Maji yasipokaa

Jaza trapu jioni, tumbukiza kijiti kikavu mpaka kiguse chini, na uweke alama pale kilipolowa. Mtu yeyote asitumie tundu hilo kwa siku nzima, kisha pima tena. Maji yakiwa yameshuka kidogo mno kiasi cha kutoonekana, trapu ni nzima. Yakiwa yameondoka, sababu huwa moja kati ya tatu. Uzi wa dekio au fundo la nywele linaloning'inia upande wa pili wa pindo hunyonya maji kama utambi wa taa. Hilo unaliondoa mwenyewe kwa waya. Trapu iliyopasuka hudondosha maji chini ya vigae, na dalili yake ni unyevu ukutani au kwenye dari ya jirani wa chini. Ya tatu unaisikia: unapovuta maji ya choo, tundu la sakafuni linagugumia. Maji ya choo yanashuka yakivuta hewa, na kwa kuwa bomba la kupumulia limeziba au halikuwekwa, yanaikokota kutoka kwenye trapu pamoja na maji yake.

Mwite fundi bomba kwa hizo mbili za mwisho, na pia ukigundua tundu lako liliunganishwa na chemba bila trapu yoyote. Mwonyeshe kijiti na umwambie sauti unaisikia lini, asianze kubomoa vigae kwa kubahatisha. Mpaka afike, funika tundu kwa kipande cha mpira wa tyubu, ukigandamize kwa sufuria iliyojaa maji.

Kwa bafu zima lisilotumika, mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kumwaga lita moja tunduni kila Jumamosi. Kabla ya safari ndefu, jaza trapu kisha ongeza vijiko viwili vya mafuta laini ya kupaka watoto. Yanaelea na kuzuia maji yasivukizwe, wala hayaozi haraka kama mafuta ya kupikia. Mimina mafuta baada ya mtu wa mwisho kuoga, la sivyo yataondoka na maji yake.