Ujumbe wa Kwanza kwa Mwenzako Aliyefiwa

Wengi wetu tutakapotoka shuleni tutaajiriwa, na siku moja tutapata habari kwamba mwenzetu wa kazini amefiwa na mzazi. Zamani mtu alikwenda matangani, akatoa pole kwa mdomo. Siku hizi pole ya kwanza hutumwa kwa simu, nayo hufika bila sauti wala uso wa mwenye kuituma. Kwa hiyo maneno yake yataka kuchaguliwa.

Natutazame mfano mmoja. Karani kijana yuko ofisini Dar es Salaam. Asubuhi yafika habari kwamba mama yake karani mwenzake, dada aliyemzidi umri kidogo, amefariki huko Songea. Yule dada jana jioni aliomba ruhusa, na sasa yumo ndani ya basi. Kijana ashika simu yake mara moja.

Hapo yampasa angoje. Kwetu jamaa wengi humficha mfiwa mpaka afike nyumbani, humwambia tu, "Mama ni mgonjwa sana, njoo upesi." Ikiwa ndivyo ilivyo, pole ya yule kijana ndiyo itakayomfunulia dada huyu msiba, peke yake, kati ya abiria asiowajua. Basi asiulize ofisini, "Je, ni kweli?" tu, bali pia, "Je, mwenyewe amekwisha ambiwa?" Ikiwa mwenyewe ndiye aliyeandika, "Nimefiwa," hapana shaka tena. Ikiwa hakuna ajuaye, aandike, "Dada, pole kwa safari, Mungu akufikishe salama," asiongeze neno. Aulize tena ni mama yupi: mama mzazi, mama mdogo au mama mkwe, kwani wote twawaita mama.

Amekwisha hakikisha. Sasa aanzeje? Asianze kwa "Habari za leo?" Jibu la habari ni "nzuri", na leo mwenzake hana nzuri ya kujibu. Aanze kwa kumwita tu, "Dada yangu," kisha aingie katika pole. Kama mfiwa ni mtu mzima wa rika la wazazi wake, "Shikamoo" haina ubaya, maana marahaba haidai habari njema.

Kisha liko tendo lenyewe. "Nimesikia mama yako amekufa" ni Kiswahili sahihi, lakini kinachoma. Lugha yetu ina "kufiwa", iliyotoka katika kufa, kufia, kufiwa. Tukisema "umefiwa na mama", anayetajwa kwanza ni yule aliyebaki na huzuni, wala si maiti. "Umeondokewa na mama" ni laini zaidi. Neno "marehemu" nalo ni la heshima, ila mimi naona lingoje siku ya kwanza ipite. Mpaka jana alikuwa "mama". Mfiwa hajazoea kumsikia akiitwa vingine.

Yako maneno mema yanayokuja kabla ya wakati wake. "Kazi ya Mungu haina makosa" husemwa sana, lakini kwa mtu aliyefiwa saa hii ni kama kuambiwa anyamaze. "Jikaze" ni vivyo hivyo. "Alikuwa akiumwa nini?" humtaka asimulie upya yale aliyoyaona. "Ukihitaji chochote niambie" humwachia kazi ya kufikiri. Afadhali kutaja jambo moja, na liwe limekwisha kubaliwa na mkuu wa kazi. Na ufupisho kama "R.I.P." huonyesha kwamba mwandishi alikuwa na haraka.

Basi yule kijana aliandika hivi:

"Dada yangu, nimesikia sasa hivi kuwa umeondokewa na mama. Pole sana. Niko pamoja nawe. Usihangaike kunijibu. Zamu yako ya kesho nitaishika mimi."

Hazifiki herufi 160, yaani kipimo cha ujumbe mmoja wa simu ya kawaida, kwa hiyo haukatiki vipande viwili. Tazameni hasa ile sentensi ya nne. Simu ya mfiwa hulia kutwa, na kila pole hudai asante. Aliyemsamehe jibu amempunguzia mzigo.

Mbona hakutaja dini? Kwa sababu hakuwa na hakika nayo. Angalijua kwamba dada ni Mwislamu, "Mwenyezi Mungu akupe subira" lingalifaa sana. Mkristo huambiwa mara nyingi, "Mungu akutie nguvu." Asiyejua na aseme pole, inatosha. Habari ya rambirambi pia aliiacha, kwa kuwa mchango hukusanywa na ofisi nzima. Naye dada atakaporudi kazini, kijana atampa mkono na kumwambia pole tena kwa mdomo, kwani ile ya simu haiiondoi hii.