Kuhakiki Rasimu ya Barua ya Kifaransa

Chukua mfano huu. Mchongaji wa mawe ya sabuni kutoka Tabaka anamwandikia mteja wake, mwanamke anayeishi Ufaransa. Rasimu yake ni hii:

Madame
Les statue que tu as commandé sont prêt. Quand voulez-vous les recevoir?

Anza na salamu. Baada ya Madame weka koma, kisha uanze mstari mpya kwa herufi kubwa. Salamu hiyo ni ya heshima, kwa hivyo tu haifai. Tumia vous kote. Mwandishi wetu amechanganya yote mawili.

Sasa shika nomino moja na uifuate hadi mwisho wa sentensi. Les ni wingi, hivyo statue inahitaji s. Ni nomino ya jinsia ya kike, basi prêt huwa prêtes. Watahiniwa wengi hukomea hapo na kuisahau commandé. Kwa kawaida umbo hilo halibadiliki likisaidiwa na avoir. Lakini hapa yambwa, yaani que inayosimamia statues, imetangulia kitenzi, andika commandées. Usitegemee masikio, kwa maana maumbo hayo mawili hutamkwa sawa.

Les statues que vous avez commandées sont prêtes. Quand voulez-vous les recevoir ?

Umeiona nafasi iliyo kabla ya alama ya kuuliza? Nukta na koma hazina nafasi hiyo.

Mwisho, tazama hitimisho:

Je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées.

Madame ya salamu hurudi vilevile, katikati ya koma mbili, na sentensi hufungwa kwa nukta.