Naomba Iwe Imefika Jumatano, Saa 10 Jioni



Leo nataka tuongee kuhusu ujumbe mfupi wa simu, ule unaomtumia mwenzako ukimpa kazi: mhazini alete hesabu, katibu apeleke barua, mwanakwaya achape nyimbo. Nimejifunza somo hili kwa aibu, nikiwa likizoni hapa nyumbani Gairo, wakati vijana waliponiomba nisaidie kuratibu hija ya kwenda Bagamoyo.

Tulikuwa tumepata Kosta. Mwenye gari alitaka malipo ya awali Alhamisi saa 6 mchana, la sivyo angempa mtu mwingine. Ili nilipe, nilihitaji kitu kimoja tu: orodha ya waliochanga pamoja na fedha iliyopo. Vyote vilikuwa kwa mhazini wetu, dada mmoja aliyenizidi miaka kadhaa, anayeuza maharage sokoni. Jumatatu usiku niliandika kwenye kikundi cha Wasap, watu zaidi ya arobaini wakisoma:

"Mhazini, leta orodha ya waliolipa kesho asubuhi. Hakikisha michango yote imekamilika. Usichelewe."

Akajibu, "Sawa Fratera." Kesho yake asubuhi hakuna kitu, mchana hakuna kitu. Jioni mama mlezi wa vijana akaniita pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "yule ni dada yako, tena ana familia. Unamtuma mbele za watu kama mtoto anayetumwa kiberiti?"

Nikaona haya. Basi Jumanne usiku nikaandika tena, safari hii kwake peke yake: "Shikamoo dada. Samahani sana kwa usumbufu, ukipata nafasi naomba uniangalizie ile orodha, hata kesho si mbaya." Nikajiona mnyenyekevu kweli. Jumatano ikapita. Alhamisi alasiri orodha ikaja, nzuri, imenyooka, wakati Kosta limeshakwenda kwa watu wengine. Tulisafiri kwa basi la kawaida kwa nauli kubwa zaidi, na vijana wanne wa kigango cha mlimani walibaki kwa sababu hawakuwa na nyongeza.

Nilikuwa tayari kumlaumu mhazini. Lakini nikausoma ujumbe wangu wa pili upya. Nilimwambia "ukipata nafasi", na yeye hakupata nafasi hadi Alhamisi. Alinitii neno kwa neno. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na amri, wa pili ulikuwa na heshima, ila wote wawili haukuwa na saa. "Kesho asubuhi" si saa. Kwa mkulima ni alfajiri, kwa mwenye duka ni baada ya kufungua na kupanga bidhaa, na kwa mwanafunzi aliye likizo ni saa 5.

Hapa ndipo tunapochanganya mambo mawili. Tunadhani ukali ndio unaobeba muda, kwa hiyo tukiondoa ukali tunaondoa na muda. Kumbe ni vitu viwili tofauti kabisa, na Kiswahili kinaviweka mahali tofauti ndani ya sentensi.

Amri inakaa kwenye kitenzi. "Leta", "fanya", "peleka" ni amri, na ukiongeza "tafadhali" mbele yake bado ni amri, imevaa tu shati safi. "Niletee" nayo ni amri, ingawa inaishia na e. Lakini sema "naomba uniletee" au "naomba unisaidie kupeleka", na kitenzi kikuu sasa ni kuomba, kitendo chako wewe. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake juu ya jambo hili ilichapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda: kwa maneno mtu anaamuru, anaahidi, anaomba. (Darasani niliona ni jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani. Lilinipata kwenye hija.) Kuna maneno mengine ya kuchunga: "hakikisha", "lazima", "unatakiwa". Hili la mwisho ni gumu zaidi, maana linaficha anayetaka ni nani. Na "usichelewe" linamtuhumu mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda.

Muda, kwa upande wake, unakaa mwishoni mwa sentensi, na hauna adabu wala ukali. "Jumatano, saa 10 jioni" haimtukani mtu yeyote. Kwa hiyo lainisha kitenzi kadiri unavyotaka, lakini saa usiilainishe. Mimi nilifanya kinyume: nilianza kwa kuacha kitenzi kigumu na saa laini, kisha nikalainisha vyote.

Saa yenyewe inataka uangalifu. Ukiandika "saa 10" peke yake, mmoja anaelewa jioni, mwingine anaitazama simu yake, anaona 10:00, anaelewa asubuhi. Andika "saa 10 jioni". "Kabla ya Alhamisi" maana yake mwisho ni Jumatano, lakini wapo wanaosikia Alhamisi yenyewe. "Mpaka Alhamisi" inaweza kusikika kama mtu aendelee na kazi hadi siku hiyo. "Ndani ya siku mbili" inazua swali: tangu lini, tangu ulipotuma au tangu aliposoma? Na "usiku wa Ijumaa" usiuguse kabisa, maana kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku inaanza jua linapozama, kwa hiyo kwa wengine huo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Njia salama ni kutaja siku na saa, kisha kusema kitu kiwe wapi: "iwe imenifikia".

Mwalimu wangu katika hili amekuwa Mtakatifu Paulo. Fungua Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4. Yuko kifungoni na anaomba mambo yanayohesabika: Timotheo aje, amchukue na Marko, alete joho lililobaki Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kila kitu kina jina, na joho lina hata mahali lilipo na mtu wa kumwuliza. Kisha katika mstari wa 21 anaweka mwisho wa muda: kabla ya majira ya baridi. Kwa nini wakati huo? Sababu haijaandikwa, lakini Timotheo aliijua. Katika bahari ya Mediterania ya siku zile vyombo vilikuwa vikisimama safari wakati wa baridi, na Paulo mwenyewe alikuwa amevunjikiwa na meli karibu na Malta baada ya wakubwa wa chombo kung'ang'ania kusafiri msimu ukiwa umekwisha. Habari hiyo iko Matendo 27. Halafu joho bila shaka ni la kuvaa wakati wa baridi, likifika baadaye halina kazi. Huo ni muda wenye sababu inayoonekana. Haukutokana na ukubwa wa Paulo, ulitokana na bahari.

Nami nilikuwa na bahari yangu, yaani mwenye Kosta, lakini sikumtaja hata mara moja! Mhazini hakujua kwamba Alhamisi saa 6 mchana kuna mlango unafungwa. Muda usio na sababu unasikika kama ubabe hata ukiusema kwa upole.

Katika Waraka kwa Filemoni, Paulo anasema wazi kwamba angeweza kumwamuru Filemoni, ila anachagua kumsihi, na hataki kufanya neno bila ridhaa yake. Hata hivyo, tuseme ukweli, waraka ule umeelekezwa pia kwa kanisa linalokutana nyumbani kwa Filemoni. Kukataa mbele ya watu wote wale si rahisi. Paulo alikuwa na jambo zito la mtu, Onesimo, na nadhani alijua anachofanya. Sisi wenye jambo la orodha tumwandikie mtu pembeni. Ombi lililotumwa kwenye kikundi cha watu arobaini limekwisha kumnyima mwenzako nafasi ya kusema "siwezi". Na kosa la upande wa pili, "jamani naomba mtu anisaidie", halimpati mtu yeyote.

Likizo iliyofuata tulikuwa na semina ya vijana, na mhazini alikuwa yule yule. Nilimwandikia yeye peke yake, Jumapili mchana:

"Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba unisaidie jambo moja la semina: orodha ya majina ya walioandikishwa, kigango kwa kigango, na jumla ya michango uliyonayo. Naomba iwe imenifikia Jumatano, saa 10 jioni. Alhamisi asubuhi mama wa jikoni anakwenda kununua unga na maharage, atanunua kwa idadi hiyo. Kama Jumatano itakubana, naomba unijulishe leo kabla ya saa 2 usiku, ili nimwombe katibu akusaidie."

Angalia sentensi ya mwisho. Inampa ruhusa ya kukataa, na ruhusa hiyo nayo ina saa yake. Bila hiyo, ombi ni amri iliyofichwa, kwa sababu mtu hana pa kutokea isipokuwa kusema "sawa" na kunyamaza. Na "sawa" yetu tunaijua: mara nyingi maana yake ni "nimesoma". Ukipewa "sawa" tupu, uliza swali dogo la kazi yenyewe, kwa mfano "utaanza na kigango kipi?" Aliyekubali kweli atakuwa na jibu. Ukitaka kukumbusha, kumbusha siku moja kabla, na uulize kazi imefikia wapi badala ya kuuliza kwa nini haijaja.

Yapo mahali ombi halifai. Mtoto akikimbilia barabara kuu ya Dodoma wakati lori linashuka, huanzi na "naomba". Na kama kazi haina hiari kweli, kwa mfano fedha ya watu lazima isomwe mbele ya kamati, usijifanye unaomba. Sema kwa heshima: "Dada, hesabu zinasomwa Jumapili baada ya Misa ya kwanza. Unahitaji msaada gani ziwe tayari?"

Mhazini alinijibu kabla ya saa 12 jioni: "Marahaba Fratera. Milele amina. Jumatano siwezi, nashusha mzigo. Nitakuletea Jumanne jioni nikifunga. Ila majina ya kigango cha mlimani sina kabisa, hayajawahi kunifikia hata wakati wa hija. Mpigie katekista wao."

Nilimpigia katekista usiku ule ule. Alikuwa na majina kumi na moja kwenye daftari, akisubiri mtu wa kumwuliza.