Sarufi ya Ahadi Katika Hotuba ya Mgombea wa Serikali ya Wanafunzi

Makala haya yanachunguza jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoweza kuificha au kuidhihirisha ahadi katika hotuba ya mgombea. Mifano imetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Inahusu wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba Soweto, jijini Mbeya, ambao hurudi usiku kutoka maktaba.

Searle (1969), akiendeleza mawazo ya Austin (1962), anaeleza kuwa anayeahidi hutaja tendo lijalo ambalo yeye mwenyewe atalitenda, na ambalo yumo katika uwezo wa kulitenda. Tuanze na sentensi iliyozoeleka majukwaani:

(1) Tutahakikisha kwamba tatizo la usalama wa wenzetu wa Soweto linashughulikiwa ipasavyo.

Kiambishi -ta- kinaipa sentensi hii sura ya ahadi. Hata hivyo, tendo pekee la msemaji ni kuhakikisha, nalo halionekani kwa macho. Kazi yenyewe imewekwa katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Aidha, tu- yaweza kuwa mgombea, baraza lake au wanafunzi wote, na ipasavyo haina kipimo. Hakuna siku ambayo mpiga kura ataweza kusema kuwa ahadi hii imevunjwa.

Wagombea wengi hudhani kuwa dawa ni tarakimu:

(2) Nitaweka taa 40 katika njia za Soweto kabla ya mwezi wa Desemba.

Hapa mtenda yupo, idadi ipo na muda upo. Lakini sentensi haiaminiki, pengine kuliko ya kwanza. Taa za barabarani ni jukumu la mamlaka za umma, si la serikali ya wanafunzi. Sharti la uwezo limekosekana, na wasikilizaji hulitambua hilo upesi, mara nyingi kwa kicheko. Udhahiri, basi, si sawa na uaminikaji.

(3) Nikichaguliwa, katika wiki mbili za mwanzo nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na wapangaji wawili, kuomba ulinzi katika njia ya kutoka maktaba. Ijumaa ya wiki ya tatu nitabandika ubaoni jibu tulilopewa, hata likiwa la kukataliwa.

Vitenzi nitakwenda na nitabandika vyote vina mtenda mmoja, na vyote vyaweza kushuhudiwa. Kishazi cha mwisho ndicho chenye uzito zaidi: kinatenga tendo la mgombea na matokeo yaliyo mikononi mwa wengine. Mgombea haahidi ulinzi, anaahidi kuuomba na kutoa taarifa. Matumizi ya -ki- nayo yanafaa, kwa kuwa yanauacha uchaguzi kuwa jambo linalowezekana. Ningechaguliwa ingeashiria mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Sentensi ya (3) ni ndefu na haishangiliwi kwa urahisi. Katika hotuba ya dakika tano, jukwaa huweza kubeba ahadi mbili za aina hiyo, tatu kwa shida.