Nilikuwa ntemi wa sungusungu, kwenye wasifu niandikeje?

*Shikamoo Shangazi. Ninaishi Itilima, nina miaka 44, elimu yangu ni darasa la saba. Tangu 2009 hadi 2019 nilikuwa ntemi wa sungusungu kijijini kwetu, nikiwa na vijana 24. Sasa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba mjini Bariadi kinatafuta msimamizi wa walinzi, na wanataka sivii ya Kiswahili. Kwa Kisukuma naweza kuieleza kazi yangu hadi kuche, ila Kiswahili cha maandishi kinanishinda. Mpwa wangu aliniandikia "Mtemi, 2009–2019". Kijana wa stesheneri akacheka, akasema niandike "Afisa Usalama", maana sisi tunaitwa basalama. Nifuate lipi?*

Marahaba mwanangu. Usifuate hata moja.

Mtemi, kwa Kiswahili cha ofisini, ni chifu, na mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Meneja aliyezaliwa Tanga atadhani unatania. Kijijini kwenu neno hilo halimchanganyi mtu, kwa kuwa kila mmoja amekuona usiku na filimbi yako. Huyo meneja hajakuona.

Hilo la kijana wa stesheneri ndilo baya zaidi. Basalama kwenu ni watu wa amani, lakini Mtanzania akisoma "Afisa Usalama" anafikiria Usalama wa Taifa, na kujipa cheo cha serikali ambacho huna ni kujitafutia kesi. Na kabla hujashawishika na "Kamanda wa Mgambo", kumbuka kwamba mgambo hupitia mafunzo. Utaulizwa cheti, utabaki unatazama dari.

Kwa hiyo kiache cheo kwanza, uitazame kazi. Jiulize: usiku ambao hukuwepo, ni kitu gani kilikwama? Naamini zamu hazikupangwa, na mwano ulipopigwa watu walikimbia ovyo bila wa kuwagawa. Basi kazi yako ilikuwa kuongoza ulinzi wa kijiji. Andika hivi: "Kiongozi wa ulinzi wa jadi wa kijiji (ntemi wa sungusungu)". Maelezo yatangulie ili mgeni aelewe, jina la kwenu lifuate kwenye mabano, ili akipiga simu kijijini kuulizia, wamjibu bila kusita. Magazeti hupenda kusema "jeshi la jadi". Wewe neno jeshi liache huko huko.

Chini ya cheo ziandike kazi zenyewe, na hapa ndipo wengi huharibu. "Nilipiga mwano" haimwambii kitu asiyejua mwano ni nini. Ukitafsiri "nilipiga yowe", unaonekana mwoga. Eleza yowe lile lilileta nini: "Kuitisha wanakijiji kwa ishara ya dharura, kuwagawa katika makundi na kuongoza ufuatiliaji wa nyayo za mifugo iliyoibwa." Meneja wa kiwanda chenye marobota ya pamba uani anaielewa sentensi hiyo mara moja.

Za zamu usiseme tu "kusimamia vijana". Ikiwa hao 24 walilinda sita sita kwa usiku, andika: "Kupanga zamu za usiku za walinzi 24, watu 6 kila usiku, kila kundi likirudi zamu baada ya siku nne." Hiyo ndiyo kazi utakayoifanya kiwandani. Kama mlipanga vingine, weka hesabu yenu ya kweli, maana kwenye usaili watakuuliza.

Kuhusu wezi mliowakamata, chunga kalamu. Marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yaliwapa sungusungu uwezo wa kukamata, ila kuhukumu ni kazi ya mahakama. Ukiandika "kuadhibu wahalifu na kutoza faini", umejishtaki mwenyewe kwa mwandiko wako. Andika "kukamata watuhumiwa na kuwakabidhi kwa mtendaji wa kijiji au polisi", ikiwa ndivyo mlivyofanya. Kama kuna siku hamkufanya hivyo, hilo mimi sikuulizi.

Mambo mawili madogo. Kwa kuwa hukulipwa mshahara, iweke kazi hii chini ya "Uzoefu wa kujitolea", asije mtu akakudai hati ya malipo. Pia mwaka 2009 Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujaanzishwa, na Itilima ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Andika "Itilima, Simiyu (kabla ya 2012: Bariadi, Shinyanga)", tarehe zisigombane na mahali.

Mwisho, nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaombe barua ya utambulisho, na umpe hicho cheo kimeandikwa kwenye karatasi. Barua ikisema "mtemi" na wasifu ukisema "kiongozi wa ulinzi wa jadi", kiwandani watadhani ni watu wawili. Usipeleke maombi kabla hujaisoma barua hiyo mwenyewe, neno kwa neno.