Kuuza Tiketi za Usiku Mmoja: Hesabu ya Siku za Mwisho

Katika ukurasa huu wa somo la mwaka, hebu tutazame biashara moja ambayo wengi huidhania nyepesi: kuuza tiketi za onyesho la usiku mmoja tu. Mwenye duka la sukari asipouza leo atauza kesho. Mwenye onyesho hana kesho. Kiti kilichobaki kitupu Jumamosi usiku hakiuziki Jumapili, hata ukikitoa bure. Kwa hivyo swali letu ni hili: ikiwa una pesa kidogo za matangazo, uzitumie lini, na uzitumie kwa nani?

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Kikundi cha waigizaji kimekodi ukumbi wenye viti 400 jijini Nairobi. Mchezo ni Jumamosi tarehe 29 Agosti 2026. Ukumbi, taa, vipaza sauti na mavazi vinagharimu shilingi 150,000. Pesa za matangazo ya Facebook na Instagram ni shilingi 60,000. Tiketi ya mapema ni shilingi 600, ya kawaida 800, na ya mlangoni 1,000. Mauzo yanaanza tarehe 8 Agosti, yaani siku 21 kabla ya mchezo.

1. Watu hununua lini?

Tiketi haziuzwi sawasawa kila siku. Siku za kwanza hununua mashabiki sugu, jamaa za waigizaji na wale wanaokimbilia bei nafuu. Kisha hufuata ukame: wiki nzima huenda zikanunuliwa tiketi chache mno. Halafu siku tatu nne za mwisho watu huamka ghafla. Sababu si uvivu tu. Mtu wa mjini hajui Jumamosi itamletea nini: mazishi, mgeni, au mkoba mtupu. Anangoja aone. Zaidi ya hayo, katika mfano wetu tarehe 29 ni mwisho wa mwezi, na wengi wa wenye ajira hulipwa siku hizo. Kumhimiza mtu anunue tarehe 20 mfukoni mkiwa mmekauka ni kumpigia mbuzi gitaa.

Basi si ajabu mwenyekiti wa kikundi akatokwa jasho katikati ya mwezi, akaona tiketi hazitoki na kumwaga pesa zote hapohapo. Huko ni kunyunyizia shamba maji kabla ya kupanda. Pesa nyingi zafaa zingoje siku za mwisho.

Lakini tahadhari! Pesa za mwisho haziwezi kufanya kazi bila maandalizi ya mwanzo. Hili ndilo kiini cha somo letu.

2. Kuwarudia waliochungulia

Tangazo la siku za mwisho halina nafasi ya kumweleza mgeni mchezo unahusu nini, waigizaji ni nani na ukumbi uko wapi. Linafaa kwa mtu anayejua hayo yote ila hajaamua. Mtu huyo utampata wapi? Utampata miongoni mwa wale waliokwisha kuchungulia.

Kwenye ukurasa wa kuuzia tiketi huwekwa kijipande cha programu kiitwacho pikseli. Mgeni akifungua ukurasa, pikseli huarifu kampuni ya matangazo, nayo inaweza kumwonyesha tangazo lako tena baadaye. Vilevile kampuni hiyo huweza kukuwekea orodha ya waliotazama video yako hadi nusu. Hivyo unapata makundi matatu: waliotazama video, waliofungua ukurasa, na waliobonyeza kitufe cha kulipa lakini hawakumaliza. Kundi la nne, yaani walionunua, huondolewa kwenye matangazo. Mtu aliyelipa na bado anaambiwa "nunua sasa" atachukizwa, na wewe utakuwa umelipa ili umchukize.

Hapa Kenya pana tatizo la kipekee. Mnunuzi anayelipa kwa M-Pesa huletewa ombi kwenye simu, huweka nambari yake ya siri, kisha mara nyingi hafungui tena ukurasa wa tiketi. Pikseli haioni ununuzi, na mnunuzi hubaki kwenye orodha ya wasionunua. Dawa yake ni mtambo wa tiketi wenyewe upeleke habari ya ununuzi pindi M-Pesa inapojibu. Jibu hilo huja na nambari iitwayo `ResultCode`. Ikiwa ni `0`, malipo yamepita. Ikiwa ni `1032`, mtu ameghairi. Ikiwa ni `1`, salio halikutosha. Ikiwa ni `1037`, simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Aliyekosa salio tarehe 15 si adui wa mchezo wako. Ni mteja anayengoja mshahara. Mwandikie arafa tarehe 28, mradi alikubali kupokea arafa za matangazo alipojaza nambari yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini hiyo.

3. Bajeti yenyewe

Sasa tugawanye zile shilingi 60,000:

- Tarehe 8 hadi 18: shilingi 18,000
- Tarehe 19 hadi 25: shilingi 6,000
- Tarehe 26 hadi 29: shilingi 30,000
- Akiba: shilingi 6,000

Tuseme kuonyesha tangazo mara elfu moja kunagharimu shilingi 200. Zile 18,000 za mwanzo zitalionyesha mara 90,000. Kila mtu akiliona mara mbili, tumewafikia watu 45,000. Tuseme kati yao 9,000 walitazama video hadi nusu bila kufungua ukurasa, na wengine 1,600 walifungua ukurasa. Katika hao 1,600, watu 240 walibonyeza kulipa, na 130 wakamaliza. Tumeuza tiketi 130 na tumebaki na orodha ya watu 10,470.

Je, orodha hiyo yaweza kubeba shilingi 30,000? Kanuni ni rahisi: watu × mara watakazoona × bei ya kuonyesha mara moja. Tukitaka kila mtu aone tangazo mara 10 kwa siku nne, tunapata 10,470 × 10 × 0.20, yaani shilingi 20,940. Zinazobaki, kama 9,000, tutawaonyesha watu wapya wanaokaa karibu na ukumbi, ambao waweza kuja bila safari ndefu.

Sasa tazameni kinyume chake. Tuseme kikundi kiliona uchungu kutumia pesa mwanzoni, kikatoa shilingi 2,000 tu, na orodha ikawa ya watu 1,100. Zile 30,000 zikielekezwa kwao, kila mmoja angepaswa kuona tangazo zaidi ya mara 130! Huko si kutangaza, ni kusumbua. Ndiyo maana twasema pesa za mwanzo hazinunui tiketi nyingi, zinanunua orodha. Na ukubwa wa orodha ndio unaoamua kiasi cha pesa kinachofaa kusogezwa mwishoni.

4. Saa inayohesabu kurudi nyuma

Mtu asiye na mpaka wa wakati huahirisha. Ndiyo sababu ukurasa huwekwa saa inayoonyesha siku na masaa yaliyobaki. Mfano wetu una mipaka miwili tu: bei ya 600 inakoma Jumanne tarehe 18 saa sita usiku, na bei ya 800 inakoma Jumamosi tarehe 29 saa kumi jioni. Mipaka yote ni ya kweli. Ukisema bei inakoma Jumanne na Jumatano bado ipo, watu watajua kwamba saa yako ni ya kuchezea, na ule mpaka wa mwisho hawatauamini.

Lugha nayo ina mtego hapa. Ukiandika "usiku wa Jumatano", mzee wa Pwani anayehesabu siku kuanzia magharibi ataelewa usiku unaoanza Jumanne jua linapotua. Mtu wa Nairobi ataelewa vingine. Andika "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano" na hakuna atakayebishana nawe mlangoni.

Mtambo nao una mtego wake. Saa huandikwa hivi:

```
const mwisho = new Date("2026-08-18T23:59:59+03:00");
```

Ile `+03:00` ndiyo saa ya Afrika Mashariki. Ukiweka `Z` mahali pake, mtambo utafuata saa ya dunia, na bei nafuu itaendelea hadi karibu saa tisa usiku.

5. Mambo yanayoharibika dakika za mwisho

Tangazo jipya hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa. Mara nyingi ukaguzi huisha katika muda wa saa 24, lakini huweza kuchelewa. Kwa hivyo tangazo la Ijumaa lipelekwe Jumatatu na kupangiwa siku ya kutokea. Akaunti mpya pia huweza kuwekewa kikomo cha matumizi kwa siku. Kigundue mapema, si Ijumaa jioni.

Tena, usilipandishe tangazo moja kutoka shilingi 500 hadi 8,000 kwa mkupuo. Mabadiliko makubwa huufanya mtambo wa matangazo uanze upya kujifunza ni nani anayenunua. Ni heri matangazo ya siku za mwisho yawe kundi lake peke yake, lenye bajeti yake tangu mwanzo.

Utajuaje mambo yanakwenda mrama? Ikiwa kila mtu ameliona tangazo mara nyingi na wanaobonyeza wanapungua, orodha imechoka. Hamishia pesa kwa watu wapya. Ikiwa wengi wanafungua ukurasa ila hawalipi, kosa haliko kwenye tangazo. Jaribu kulipa wewe mwenyewe uone panapokwama. Na ripoti ya matangazo ikidai tiketi 200 na daftari la M-Pesa lionyeshe 140, amini daftari.

6. Matokeo ya mfano wetu

Tiketi 130 za 600 zilileta shilingi 78,000. Wiki ya ukame zikauzwa 30 za 800, sawa na 24,000. Kufikia tarehe 25 kikundi kilikuwa na 102,000 tu, ilhali gharama zote ni 210,000. Hapo ndipo roho huenda mbio! Siku nne za mwisho zikauzwa 140 za 800, yaani 112,000, na mlangoni 40 za 1,000, yaani 40,000. Jumla ni tiketi 340 na shilingi 254,000. Faida ni 44,000, na akiba ikiwa haikuguswa inakuwa 50,000.

Zoezi

1. Kwa nini walionunua huondolewa kwenye orodha, na M-Pesa huleta ugumu gani katika jambo hilo?
2. Orodha ina watu 4,000. Kila mmoja aone tangazo mara 8, na bei ni shilingi 200 kwa kila mara elfu. Ni pesa ngapi zinazofaa kuwekwa siku za mwisho?
3. Mchezo ungekuwa tarehe 15 badala ya 29, ungebadilisha nini katika mgawanyo wa bajeti? Toa sababu.